Kuonja kwa Niaba ya Mama Mkwe

Niliolewa Msambweni nikitokea kisiwa cha Wasini, katika miaka ya hamsini, Mzungu angali anatawala na barabara ya kwenda Lunga Lunga ingali vumbi tupu. Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya miwa, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Siku zilizobaki nilikaa na mama yake, sisi wawili, katika nyumba ya makuti iliyotazama barabarani.

Mama mkwe alikuwa akiuza bajia za kunde barazani kwake kila siku baada ya alasiri. Bajia zilikuwa nzuri, lakini bajia hata wengine walijua kuzipika. Watu walikuja kwake kwa ajili ya mabakuli mawili ya kuchovea aliyoyaweka kando ya sinia: la chatne ya nazi, na la ukwaju. Nimemwona dereva wa lori akisimamisha gari, akachovya bajia kwenye ukwaju, akafumba macho, kisha akasahau alikuwa anakimbilia kivuko cha Likoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuroweka kunde, kuziambua maganda, kuzisaga na kukaanga. Mabakuli yale mawili sikuruhusiwa hata kuyakoroga.

"Chatne si kazi ya mgeni," aliniambia wiki ile ile niliyoingia nyumbani kwake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali pa kuweka viatu.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiambia kwamba nitajifunza, apende asipende.

Masika ya mwaka wa pili yalikuja na mafua mabaya. Mama mkwe akalala kitandani, pua imeziba, kichwa kinamgonga, na baraza ikafungwa. Alipoinuka alikuwa amekonda, lakini hakukubali kupumzika. Siku hiyo hiyo alikaa juu ya mbuzi ya kukunia akakuna nazi, akatwanga chatne yake kama kawaida.

Wateja walianza kukohoa. Mzee mmoja aliyekuwa akija kila siku akitoka msikitini alionja, macho yakamtoka machozi, akaomba maji. "Leo pilipili imekasirika," akasema, akicheka. Kesho yake hakucheka. Ukwaju nao ulikuwa umezidi uchachu hadi meno yanasisimka. Mimi nilidhani ni pilipili za msimu ule, kwa maana pilipili kichaa za mvua na za jua hazifanani. Mama mkwe alionja kwa kidole, akatikisa kichwa, akaongeza nyingine.

Kisha ikaja siku ya nazi.

Nilikuwa nakaanga, yeye amekwisha kupanga mabakuli, na watu wawili watatu wameshafika. Nilipoinama kuchukua kung'uto la kuchujia mafuta ya bajia, harufu ikanipiga usoni. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyokaa, yenye usabuni ndani yake. Nikachukua chatne kidogo kwa ncha ya kidole nikaiweka ulimini. Nazi ilikuwa mbovu. Hapakuwa na shaka.

Mama mkwe alikuwa tayari anamnyooshea mteja bakuli.

Sikuwa na nafasi ya kutafuta maneno ya adabu. Nililichukua bakuli kutoka mkononi mwake, nikaenda nalo uani, nikalimwaga chini ya mgomba. Niliporudi, baraza yote ilikuwa ikinitazama. Uso wa mama mkwe ulikuwa umebadilika rangi.

"Uniwie radhi, Mama," nikasema. Kisha nikawageukia wateja: "Chatne leo hakuna. Chukueni ukwaju."

Alingoja hadi bajia zikaisha na moto wa barazani ukazimwa, ndipo akanifuata jikoni.

"Umenivua nguo barazani kwangu," akasema. "Mimi nimekuna nazi kabla mama yako hajaolewa."

"Nazi ilikuwa mbovu, Mama."

"Nazi nilivunja mwenyewe. Nilinusa mwenyewe."

Nikaokota vifuu viwili vilivyokuwa kando ya mbuzi. Ndani yake nyama iliyobaki ilikuwa na umanjano kidogo tu, si kitu ambacho jicho lingekishika katika giza la jikoni. Nikampa kimoja. Akakisogeza puani, akavuta pumzi, akanitazama.

"Mbona ni nazi tu?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilichukua kitunguu, nikakikata mbele ya pua yake. Macho yalitoa machozi, lakini aliposema, alisema: "Nahisi kinachoma. Sisikii harufu." Nikaleta kopo la mafuta ya taa. Nikaleta karafuu, nikaitupa kwenye makaa hadi moshi ukajaa jikoni. Alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani, na kila mara alitikisa kichwa.

Mwishowe akakaa juu ya mbuzi ya nazi, mikono mapajani.

"Tangu mafua," akasema polepole. "Nilidhani chakula chako ndicho kimekosa ladha. Nikasema, huyu mtoto wa Wasini hajui kupika."

Nikamwuliza kama ulimi nao umekufa. Akasema hapana. Uchachu aliuhisi, kama sindano. Chumvi aliihisi. Pilipili aliihisi, lakini kama moto tu, hauna umbo. Ndiyo maana alikuwa akiongeza: alikuwa akiitafuta chatne yenyewe, na haikuja.

Nilitegemea atalia. Hakulia. Alinyanyuka, akakusanya vifuu vyote, akavitupa, akanawa mikono.

"Kesho utaonja wewe," akasema. "Na utaniambia unachokiona. Kitu kwa kitu."

Lakini maneno ya barabarani yalikuwa yamekwisha kututangulia. Siku chache baadaye jirani yetu alipiga hodi. Alikuwa anamwoza binti yake mwezi ule, na alikuwa amemwomba mama mkwe atengeneze bajia, chatne na ukwaju kwa ajili ya wageni wa harusi. Walikuwa mashoga, marafiki wa tangu usichana wao. Alikaa kwenye mkeka, akauliza hali, akauliza tena, akakunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Shoga yangu," akasema mwishowe, "wewe umetoka ugonjwani. Nimeona nisikutaabishe. Yuko mwanamke mmoja Diani..."

"Watu wamekwambia chatne yangu imeoza."

Jirani akaiachia ncha ya leso.

"Wamesema kweli," mama mkwe akasema. "Njoo Ijumaa baada ya sala uonje. Ukiona haifai, nenda Diani na mimi nitakupa baraka."

Jirani alipoondoka nilimwuliza mama mkwe tutafanyaje. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua litachomoza upande gani. "Tutafanya chatne," akasema.

Tukaanza. Alinifundisha kukuna nazi kwa mkono mwepesi, nyama nyeupe tu, na kuacha kabla meno ya mbuzi hayajafika kwenye ganda la kahawia, kwa sababu unga wake huleta ukavu na kuchafua rangi. Alinifundisha kutwanga pilipili mbichi, kitunguu saumu na chumvi vyenyewe kwanza, hadi viwe uji, ndipo nazi iingie. "Ukitwanga vyote pamoja," akasema, "mmoja atakula nazi tupu na mwenziwe atakutana na pilipili nzima." Kotmiri na embe bichi vilifuata. Ndimu ilikuwa ya mwisho kabisa, tone kwa tone, kwa kuwa embe huwa na uchachu wake na huujui mpaka limepondeka.

Kila nilipoonja aliuliza swali lile lile: "Inakushika wapi?"

Mwanzoni nilijibu "nzuri" au "kali". Alikasirika. "Nzuri si mahali! Ncha ya ulimi? Kandoni? Kooni? Kipi kimetangulia, kipi kimefuata?"

Basi nikajifunza kusema. Uchachu umekuja mapema, kandoni mwa ulimi. Nazi inafuata, tamu, katikati. Pilipili inachelewa, inakaa kooni. Yeye alifumba macho akisikiliza, na kidole chake kikipigapiga goti, kisha akasema: "Nazi yako nyingi, imemficha pilipili. Usiongeze pilipili. Punguza nazi." Na mara nyingi alikuwa sawa, ingawa hakuwa ameonja kitu.

Ijumaa ilipofika nilikuwa na uhakika. Chatne ilikuwa nyeupe yenye madoa ya kijani, na niliionja kiganjani mara nyingi hadi ikanipendeza kabisa. Ukwaju nao ulikuwa mpole, mtamu kidogo, unashuka bila kukwaruza. Jirani akaja, akachukua bajia ya moto, akachovya kwenye bakuli la kwanza, akatafuna. Akachovya kwenye la pili. Akatafuna tena, polepole.

"Si mbaya," akasema.

Nilijua maana yake. Mama mkwe pia.

"Haina kitu," jirani akaongeza kwa huruma. "Nasikia bajia tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikachukua bajia na mimi nikachovya, na ilikuwa kweli. Kile kilichoimba kiganjani kilizimika mdomoni mara tu mafuta na unga wa kunde vilipokiangukia.

Mama mkwe akaniuliza mbele ya mgeni: "Ulionja na nini?"

"Kiganjani, Mama."

"Nani anakuja hapa kununua kiganja?"

Jirani akacheka, na kucheka kwake kukatuokoa kidogo. Mama mkwe akamgeukia. "Nipe hadi Jumatatu. Kosa ni langu, sikumwambia. Nilikuwa naonja na bajia tangu zamani hata nikasahau kwamba ni jambo la kufundishwa."

Jirani akafikiri. Alikuwa na haki ya kukataa, harusi ilikuwa karibu. "Jumatatu," akasema, "lakini sitangoja Jumanne."

Siku zile nilikaanga bajia ndogondogo za kuonjea tu. Nikajua kwamba chatne inayofaa bajia ikionjwa peke yake lazima ikushtue kidogo: uchachu upite mpaka, chumvi ipite mpaka, na moto pia, kwa sababu vyote vitavunjwa na mafuta. Nikajua pia kwamba ulimi huchoka. Baada ya kuonja mara kadhaa pilipili haisikiki tena, na hapo ndipo mkono unapoharibu kazi. Mama mkwe alininyang'anya kijiko. "Maji hayakusaidii," akasema, "yanaitembeza pilipili tu." Akanipa kipande cha nazi nitafune, akanituma nikafagie ua, kisha nirudi na ulimi mpya.

Chatne ya nazi ilinyooka. Kilichotushinda ni ukwaju.

Ukwaju wake wa zamani, ule mweusi aliokuwa akiukanda na chumvi na kuuhifadhi mtungini, ulikuwa umekwisha kwenye jaribio la Ijumaa. Tulichokuwa nacho ni ukwaju mpya uliotoka bara, upande wa Taru, tulioununua sokoni Kombani, rangi yake nyekundu bado. Yeye aliuzoea ule wa zamani hata mikono yake ilikuwa inafanya kazi yenyewe: maji yanayochemka, kisha kukamua kwa nguvu zote hadi nyuzi zibaki kavu. Nilifanya hivyo hivyo, nikauchemsha kwenye chungu, si kwenye sufuria, kwa kuwa ukwaju hula bati na kuleta ladha yake. Nikaonja na bajia.

"Unakushika wapi?"

"Mashavuni, Mama. Unabana. Kisha meno yanakufa ganzi. Kisha pilipili inakuja peke yake, kama hawajuani."

"Tia sukari guru."

Nikatia. Nikaonja. "Utamu umekaa juu. Chini bado unabana."

"Ongeza."

Nikatoa kidogo kwenye bakuli la pembeni nikaongeza huko, ili nisiharibu chungu kizima. Ikawa kama peremende iliyofungwa kwenye ganda la mti. Nikamwambia hivyo. Akasema ulimi wangu ni wa Wasini, umezoea ndimu na samaki, haujui ukwaju wa sukari.

Pengine ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kitu. Ule ubanaji haukuwa uchachu. Uchachu unafanya mate yatoke. Huu ulikuwa unayakausha. Ulitoka kwenye nyuzi na kwenye ngozi za kokwa, na sisi ndio tuliozikamua hadi zikatoa kila zilichokuwa nacho.

"Mama, nataka kuanza upya."

"Ukwaju uliobaki ni bonge moja."

"Najua."

"Na ukiharibika?"

"Jirani ataenda Diani," nikasema. "Lakini huu wa chunguni sitampa mgeni."

Mama mkwe akageuza kigoda, akakaa akinipa mgongo, akaanza kuambua vitunguu saumu. Sikujua kama ni ruhusa au hasira. Nikaendelea.

Nikauroweka ukwaju katika maji ya vuguvugu, si ya moto. Nikangoja hadi ulipojilegeza wenyewe. Nikaupapasa kwa vidole, nikiiachia nyama itoke bila kukamua, nikauchuja kwa kitambaa nikauacha udondoke kwa hiari yake. Ulitoka kidogo kuliko ule wa kwanza, lakini laini. Nikauinjika jikoni, nikatia chumvi kabla ya kitu kingine chochote, nikaonja. Ukali ulikuwa umeinama. Ndipo nikatia sukari guru, kipande kidogo tu, kitunguu saumu alichokiambua mama mkwe, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Pilipili niliitwanga nikatia pungufu ya nilivyotaka, kwa sababu ukwaju ukilala na pilipili huamka mkali zaidi. Nikaacha uchemke polepole hadi ukashika mgongo wa upawa.

Ulipopoa nikakaanga bajia moja, nikachovya.

"Unakushika wapi?" Alikuwa bado amenipa mgongo.

"Kandoni mwa ulimi, Mama. Mate yanatoka. Kisha utamu unapita, haukai. Kisha pilipili, taratibu, inapanda. Nikimeza nataka nyingine."

Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, nami nikamwekea bajia iliyochovywa. Akatafuna. Najua hakuisikia bizari wala kitunguu saumu. Lakini alitafuna hadi mwisho, akajilamba kidole gumba.

"Haubani," akasema.

Jumatatu jirani alikuja na dada yake, nadhani ili awe na shahidi wa kumsaidia kukataa. Akala bajia ya kwanza. Akala ya pili. Dada yake akasogeza bakuli la ukwaju karibu yake, akachovya tena. Jirani akanigeukia mimi badala ya mama mkwe.

"Harusini utaweza hivi hivi? Watu ni wengi."

Nikamjibu: "Nitaweza. Ukwaju nitaufanya siku moja kabla. Chatne ya nazi nitaitwanga pale pale kwako, asubuhi ya kuliwa, kwa sababu ikikaa na joto hili itachacha."

"Na nazi nani atazichagua?"

"Mimi," nikasema. "Kila moja nitaivunja na kuinusa."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Sijui kama ilimwuma. Hakuonyesha.

Harusi ikafika. Nilikaa uani kwa jirani tangu alfajiri na vinu viwili na wanawake wa mtaa. Niliikataa nazi moja, na mwanamke mmoja akanung'unika kwamba naringa. Mama mkwe akamwambia airudishe kwenye lundo kama anataka kuila yeye. Wageni wakala. Wengine walitoka Kwale, wengine Vanga. Nilichungulia kupitia mlangoni na kuona mabakuli yakifutwa kwa bajia za mwisho, na bibi mmoja wa upande wa bwana arusi akilamba kijiko.

Bibi yule alimwita mama mkwe. "Huu ukwaju si ule wako wa zamani," akasema.

"Si ule," mama mkwe akajibu. "Huu ni wa mkaza mwanangu."

"Ule ulikuwa mtamu zaidi."

"Ndiyo."

"Niletee mwingine."

Harufu haikumrudia mama mkwe kamili. Baada ya mwaka hivi alianza kusikia moshi, kisha kahawa kwa mbali, na vitu vingine vilimjia vimegeuka, kiasi kwamba kotmiri ilimnukia kama sabuni na hakuitaka tena karibu yake. Barazani tuligawana kazi: yeye akakaanga, mimi nikashika mabakuli. Dereva wa lori alirudi. Mzee wa msikitini pia, akalalamika kwamba pilipili sasa ni kidogo, nami nikamwekea bakuli lake la pembeni.

Tulikaa hivyo miaka mingi. Tuligombana kuhusu sukari guru karibu kila msimu wa ukwaju, na mara nyingine, ukwaju ukiwa mweusi na mkongwe, yeye ndiye aliyeshinda.